Maswali ya wasomaji: kinga za prosesa na maikrokodi

Shikamoo. Fundi wa hapa Mwanga aliniwekea mitigations=off kwenye kompyuta ya stesheneri, akasema itakuwa nyepesi. Kuna ubaya?

Marahaba. Ubaya upo, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Neno hilo moja linazima kinga zote za hiari ambazo kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi, imewekewa tangu Meltdown na Spectre zilipotangazwa Januari 2018. Matundu hayo yanaruhusu programu isiyo na ruhusa kuchungulia kumbukumbu isiyo yake. Hapo stesheneri wateja wanafungua barua pepe, fomu za mkopo wa HESLB na akaunti za benki, kisha kivinjari hichohicho kinaendesha msimbo wa kila tovuti wanayoingia. Vivinjari vina kinga zao, lakini zimejengwa zikitegemea kwamba kerneli nayo inafanya kazi yake.

Na wepesi wenyewe? Kinga hizi zinagharimu hasa pale programu inapoiita kerneli mara kwa mara, kama kusoma mafaili mengi madogo au kupokea maombi ya mtandao. Kuchapa barua na kuchapisha hutaona tofauti. Kompyuta nyingi ninazoletewa kwa uzito zina diski ya kuzunguka, weka SSD. Fungua `/etc/default/grub`, ufute neno hilo, halafu:

```
sudo update-grub
sudo reboot
cat /proc/cmdline
```

Amri ya mwisho isilionyeshe tena. Fundi anayezima kinga bila kumweleza mwenye mashine amemkosea.

Nikiformati diski, maikrokodi mpya inafutika?

Maikrokodi ni maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa, na haiandikwi humo kwa kudumu. Hupakiwa upya kila unapowasha, na BIOS au mfumo endeshi. Ya BIOS haiguswi ukiformati, ila faili la mfumo endeshi liko kwenye diski, hivyo litafutika na utaliweka tena.

Nimenunua laptopu ya mtumba Ujiji, i5-6300U, nikaweka Ubuntu. Kwenye faili la mds, ndani ya `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities`, inaandika "Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode". Maana yake nini, kaka?

Umefanya vizuri kusoma mstari wote. MDS ni tundu lililotangazwa Mei 2019: data iliyopita kwenye vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa inaweza kunyonywa na programu nyingine. Dawa ya Intel ilikuwa kuichukua amri ya zamani, VERW, na kuiongezea kazi ya kufuta vihifadhi hivyo. Kazi hiyo mpya inaletwa na maikrokodi. Kerneli yako inaitoa amri kila inapoirudishia programu zamu, lakini prosesa bado inaijua kwa maana ya zamani, hivyo hakuna kinachofutwa.

Angalia toleo:

```
grep -m1 microcode /proc/cpuinfo
```

Ukiona 0xc2, BIOS haijaguswa tangu kabla ya MDS. Weka maikrokodi kupitia Ubuntu:

```
sudo apt install intel-microcode
sudo reboot
```

Baada ya kuwaka, toleo liwe 0xf0, na mstari wa mds uwe "Mitigation: Clear CPU buffers; SMT vulnerable". Usipobadilika, kagua `/proc/cmdline`. Huenda kumeandikwa dis_ucode_ldr, inayozuia upakiaji.

Kisha soma na hii:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

Kwenye gather_data_sampling utakuta "Vulnerable: No microcode", na hapo utabaki. Tundu hilo, Downfall, lilitangazwa Agosti 2023, na prosesa za laptopu za kizazi cha sita hazikupewa maikrokodi yake. Unaweza kuongeza `gather_data_sampling=force` kwenye `/etc/default/grub`, lakini itazima AVX, amri za prosesa za kukokotoa data nyingi kwa pamoja, na kazi za video zitakuwa nzito. Kwa mashine ya kufanyia miamala ya benki, ningekubali uzito huo. Wanaonunua mtumba waulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza ukubwa wa RAM.

Kama Ubuntu inapakia yenyewe, kwa nini nihangaike na BIOS? Huku Kasulu umeme unakatika.

Kwa sababu BIOS huipakia mapema zaidi, na mfumo wowote utakaowasha utaikuta tayari. Hazigombani: kerneli haipakii toleo la zamani juu ya jipya. Ila umeme ukikatika BIOS ikiwa nusu, mashine inaweza isiwake tena. Mimi nimepoteza bodi ya kompyuta ya mezani hivyo. Laptopu iwe na betri nzima iliyojaa na chaja imechomekwa. Ya mezani bila UPS, usiguse. Tumia njia ya Ubuntu. Faili liwe la modeli yako kamili, kutoka kwa mtengenezaji. Ukimaliza, kagua Secure Boot, maana mipangilio mara nyingine hurudi ya kiwandani.

Nizime Hyper-Threading kwa sababu ya hiyo "SMT vulnerable"?

Hyper-Threading ndiyo SMT ya Intel: kiini kimoja cha prosesa kinaendesha kazi mbili kwa pamoja. Kwa laptopu unayoitumia peke yako, iache. Kama unaendesha mashine pepe za watu wengine juu yake, zima leo.