Akiba ya tahadhari kwa dawa ambayo mauzo yake hupanda na kushuka

"Duka langu la dawa huuza wastani wa pakiti 40 kwa siku, na mzigo hufika baada ya siku 9. Nimeshauriwa niweke akiba ya siku 7 kwa kila dawa. Je, niweke akiba ya siku ngapi?"

Ndugu, aliyekushauri uweke akiba ya siku 7 kwa kila dawa yuko sahihi nusu tu, kwa kuwa wastani hauonyeshi jinsi mauzo yanavyoyumba. Chukua mauzo ya kila siku ya miezi 3, ukiondoa siku ambazo dawa ilikuwa imekwisha, kwani sifuri ya siku hizo haimaanishi kwamba wateja hawakuja, kisha utafute mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mauzo ya siku yanavyotofautiana na wastani, kwa fomula ya STDEV.S katika Excel. Tuseme umepata 12, nawe unataka uhakika wa asilimia 95 kwamba dawa haitakwisha kabla mzigo haujafika; 1.65 ni kizidishi cha uhakika huo, na 9 ni siku za kungoja mzigo:

```
=1.65*12*SQRT(9)
```

Utapata takriban pakiti 60, yaani mauzo ya siku moja na nusu, kwa hiyo agiza zinapobaki 420, yaani 360 za siku 9 za kungoja pamoja na akiba ya 60. Dawa yenye wastani huohuo lakini mchepuko wa 36 itahitaji akiba ya siku 4 na nusu. Hesabu hii inachukulia kwamba mzigo hauchelewi kamwe. Ukichelewa siku 2 tu, pakiti 80 za mauzo ya kawaida huimaliza akiba yote ya 60.