Makovu ya mapafu: usidanganywe na uwiano mzuri wa spirometri

Ninyi mnaoanza kliniki ya kifua mtawekewa mezani karatasi ya spirometri, na macho yenu yatakimbilia FEV1/FVC, yaani hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ya kupuliza ukiigawanya kwa hewa yote iliyopulizwa. Ni kawaida, kwa sababu ugonjwa wa kwanza tunaofundishwa ni pumu, na kwenye pumu uwiano huo ndio unaosema. Ukiuona uko juu ya 0.7 unatulia: njia za hewa zimefunguka, mgonjwa hana shida kubwa. Kwa mgonjwa mwenye makovu ya mapafu uwiano huo huwa mzuri, na mara nyingi unazidi hata wa mtu mzima wa afya. Uzuri wake ni sehemu ya ugonjwa, na ndio ninaotaka muuelewe kabla ya kitu kingine chochote.

Chukueni mgonjwa wa aina tunayemwona mara kwa mara. Mzee wa miaka 66, mwalimu mstaafu, anakohoa kikohozi kikavu kwa mwaka na nusu na anachoka akipanda kilima cha kwenda kanisani. Ameshapewa dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Dawa hazikusaidia, akapewa bomba la salbutamoli, nalo halikusaidia. Akiwa amekaa anapumua mara 26 kwa dakika, pumzi fupifupi. Ncha za vidole zimevimba na kucha zimepinda. Weka stethoskopu mgongoni, chini kabisa ya mapafu, umwambie avute pumzi ndefu polepole. Mwishoni mwa pumzi utasikia mikwaruzo myembamba mingi, kama velkro inayobanduliwa, na hata akikohoa haiondoki. Wengi hawaisikii kwa sababu wanasikiliza kifuani mbele, juu, na wanaondoa stethoskopu kabla pumzi haijaisha.

Spirometri yake: FVC lita 1.8, wakati kwa umri na urefu wake ilitarajiwa 3.2. FEV1 ni lita 1.6, ilitarajiwa 2.5. Gawanya 1.6 kwa 1.8 unapata 0.89. Kitabibu huyu hana kizuizi cha hewa kutoka. Shida yake ni kwamba hewa yenyewe ya kutoa ni kidogo, kwa sababu hewa iliyoingia ni kidogo.

Kwa nini haiingii? Ukuta wa kifuko cha hewa katika pafu lenye afya ni mwembamba mno, na ndani yake mna nyuzi zinazotanuka na kurudi. Pafu linapoumia tena na tena, seli zinazotengeneza kovu hubaki zikifanya kazi hata pale zinapopaswa kunyamaza, zikimwaga kolajeni katikati ya vifuko na mishipa midogo ya damu. Kolajeni haitanuki kirahisi. Vifuko vingine huporomoka na kushikana kabisa, havipokei hewa tena. Kwa hiyo pafu linakuwa na mambo mawili kwa pamoja: sehemu zinazobaki wazi ni ngumu kutanuka, na zenyewe zimepungua idadi.

Kipimo cha hilo tunakiita komplayansi: ujazo wa hewa unaoongezeka kwa kila kipimo cha nguvu inayolivuta pafu.

```
C = ΔV / ΔP
```

Kwa mapafu ya mtu mzima wa afya ni karibu mililita 200 kwa kila sentimita 1 ya maji. Pumzi ya kawaida ya mililita 500 inahitaji misuli iongeze mvuto wa sentimita 2.5 tu za maji. Tuseme ya mzee wetu imeshuka hadi 50. Pumzi ileile sasa inadai sentimita 10. Kazi ya kulitanua pafu kwa kila pumzi ni nusu ya ujazo ukizidisha kwa mvuto huo, kwa hiyo imeongezeka mara nne, naye hajainuka kwenye kiti.

Hapo ndipo utaelewa pumzi zake fupifupi. Kazi hiyo hupanda kwa mraba wa ujazo: ukiipunguza pumzi kwa nusu, kazi ya pumzi moja inashuka hadi robo. Mwili unajipangia wenyewe kuvuta kidogo kidogo na kwa haraka. Lakini nafuu hiyo ina bei. Karibu mililita 150 za kila pumzi huishia kwenye koo na mirija, hazifiki kwenye vifuko. Mtu anayevuta mililita 500 mara 16 kwa dakika anafikisha 350 mara 16, yaani lita 5.6. Akivuta 250 mara 32, jumla ya hewa iliyopita mdomoni ni ileile lita 8, lakini iliyofika ni 100 mara 32, lita 3.2 tu. Ndiyo maana anapopanda kilima anaongeza kasi bila kupata kina, na anachoka upesi. Mkimwambia “vuta pumzi ndefu, tulia” mnamtaka afanye kitu ghali kuliko vyote alivyo navyo.

Sasa tazameni ujazo wa pafu lenyewe. Mwishoni mwa pumzi ya kawaida, pafu linavutwa kurudi ndani na ukuta wa kifua unavutwa kwenda nje, na hewa inayobaki ni pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Pafu lenye makovu linavuta ndani kwa nguvu zaidi, kwa hiyo sehemu ya kulingana inashuka. Upande wa juu mambo ni hayohayo: misuli inavuta mpaka inaposhindwa na pafu, na pafu gumu linaishinda mapema. Jumla ya ujazo, TLC, inashuka. Kwa mzee wetu alipopelekwa mahali penye mashine ya kupima ujazo wote, ilitoka lita 3.2 badala ya 5.4. Hapo ndipo kizuizi cha kutanuka kinathibitishwa. Spirometri peke yake haiwezi, kwa sababu haioni hewa inayobaki baada ya kupuliza mpaka mwisho. FVC ndogo inaweza pia kutokana na hewa iliyonaswa ndani, kama kwa wagonjwa wengi waliopona kifua kikuu wakabaki na mirija iliyoharibika. Kwa upande mwingine, FVC ikiwa ya kawaida, uwezekano wa kizuizi hiki ni mdogo sana. Katika hospitali nyingi ambazo TLC haipimwi, sentensi hiyo ndiyo itakayowasaidia zaidi.

Na ule uwiano? Mirija midogo ya hewa haina gegedu ya kuishikilia. Kinachoiweka wazi ni tishu ya pafu iliyoizunguka, inayoivuta kutoka pande zote. Tishu ikikakamaa kwa makovu, inaivuta zaidi. Juu ya hayo, mvuto mkubwa wa pafu kurudi ndani unaisukuma hewa nje kwa nguvu. Kwa hiyo hewa chache aliyonayo inatoka karibu yote ndani ya sekunde ya kwanza. Ndiyo 0.89 yenu.

Kuna mtego mmoja wa kipimo. Mgonjwa asiyejaza pafu vizuri, au anayeacha kupuliza mapema, naye anatoa FVC ndogo na uwiano wa juu. Msisome namba kabla ya kuutazama mchoro. Kwa mwenye makovu, mstari wa ujazo kwa muda unapanda wima, halafu unakaa tambarare hata kabla ya sekunde 3, na unabaki hapo akiendelea kupuliza. Kwa aliyeacha mapema, mstari unakatika ukiwa bado unapanda. Aliyeshindwa kujaza ni mgumu zaidi kumgundua, kwa sababu mchoro wake unaweza kuwa na umbo zuri. Huyu hugunduliwa kwa kurudia: mnahitaji mapulizo matatu yanayokubalika, na FVC mbili kubwa zisipishane kwa zaidi ya mililita 150. Wagonjwa hawa hukohoa wakivuta pumzi ndefu, kwa hiyo wapeni muda kati ya jaribio na jaribio, na msiwakaripie.

Kipimo kingine kinachodanganya ni oksijeni ya kidoleni mgonjwa akiwa amekaa. Ya mzee ilikuwa asilimia 95. Alipotembezwa kwenye korido dakika sita ilishuka hadi 84. Akiwa amepumzika, chembe ya damu hukaa karibu na kifuko cha hewa kama robo tatu ya sekunde, muda wa kutosha hata kama ukuta umenenepa. Akitembea damu inakimbia, muda unafupika, na mishipa iliyobaki ni michache. Kaboni dioksidi kwa upande wake hubaki ya kawaida au chini kidogo mpaka ugonjwa umeenda mbali, kwa hiyo isiwatulize. Kila mwenye mikwaruzo ile mtembezeni, mradi oksijeni yake akiwa amekaa inaruhusu.

Muulizeni kazi. Si ya sasa tu, zote. “Shikamoo mzee, kabla ya ualimu ulifanya nini?” Kwa Tanzania swali hili lina uzito wa pekee ukiwa karibu na Mererani, ambako wanaapolo, wachimbaji wa tanzanaiti, wanachoronga mwamba mkavu chini ya ardhi na kuvuta vumbi la silika. Chembe ndogo za vumbi hilo hufika kwenye vifuko, seli za ulinzi huzimeza, zinakufa, na moto wa uvimbe hauzimiki hata baada ya mtu kuacha mgodi. Silikosisi hukaa zaidi sehemu za juu za mapafu, mikwaruzo ya chini inaweza isiwepo, na inaweza kuchanganyika na kizuizi cha hewa kutoka. Halafu silika huongeza hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo kwa mchimbaji makovu hayamwondolei haja ya kupimwa makohozi. Mzee wetu hakuwahi kuchimba, hakufuga ndege, hakuwa na maumivu ya viungo wala dawa inayoumiza mapafu. Picha ya sitiskani ilionyesha makovu ya chini na pembezoni, yenye matundu madogo yaliyopangana kwa tabaka. Hii ni faibrosisi isiyojulikana chanzo.

Kwa ugonjwa wake msikimbilie prednisoloni. Zamani ilitolewa pamoja na azathioprini na asetilsisteini, mpaka jaribio la Marekani lililochapishwa 2012 lilipoonyesha kwamba waliopewa mchanganyiko huo walikufa na kulazwa zaidi ya waliopewa dawa bandia. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani 2014 kwa ugonjwa huu, hupunguza kasi ya FVC kushuka lakini haziondoi kovu lililopo, na bei yake ni kubwa mno kwa wengi wetu. Salbutamoli mwacheni aiache, hakuna mrija uliobanwa wa kufungua. Mpeni oksijeni ya kutembelea ikipatikana, chanjo ya mafua, na mazoezi ya polepole yenye mapumziko. Mrudieni spirometri kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na mwandike FVC kwenye kadi yake kwa lita, si kwa asilimia pekee. Mzee huyu akirudi na 1.6 badala ya 1.8, uwiano wake unaweza kuwa bado 0.89, na ugonjwa umeshasonga.