Advansi inayojirudia kila mwezi ni mkopo uliokosa muda

Nimefanya uhasibu wa kiwanda kidogo cha mikate Morogoro kwa miaka kadhaa, na advansi ndiyo iliyonisumbua kuliko kodi. Mtu anakuja tarehe 15: "Shikamoo dada, naomba unisukume mpaka mwisho wa mwezi." Unamsukuma. Mwisho wa mwezi unakata yote, na tarehe 15 inayofuata yuko mlangoni tena.

Fundi wetu mmoja wa oveni alikuwa na mshahara wa 600,000. Ukitoa NSSF 60,000 na kodi ya PAYE 24,000, mkononi zilibaki 516,000, na nyumba yake ilikuwa inakula karibu zote. Mtoto akaugua, akachukua advansi ya 200,000. Mwisho wa mwezi nikakata yote kwa mkupuo, akaondoka na 316,000. Hiyo haikutosha mwezi, kwa hiyo akarudi kuomba 200,000 nyingine. Tulienda hivyo miezi saba. Kwenye faili langu zilikuwa advansi za 1,400,000, na bosi akaanza kumwita mtu asiyejua kupanga matumizi. Nilipokaa na karatasi nikaona shimo lilikuwa moja tu, lile la laki mbili za hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nalifukia mwisho wa mwezi kwa pesa ya chakula chake, kisha nalichimba upya katikati ya mwezi.

Tulichofanya ni kuzigeuza zile laki mbili kuwa mkopo wa miezi mitano, 40,000 kwa mwezi, bila riba. Akawa anapokea 476,000. Alibana, lakini alifika mwisho wa mwezi bila kuja ofisini.

Hapo ndipo tulipoandika sera. Advansi ni ya siku ambazo mtu ameshazifanyia kazi, kwa hiyo haitolewi kabla ya tarehe 10 na haizidi robo ya mshahara wa mkononi. Kwa fundi yule ni 129,000. Haitolewi miezi miwili mfululizo. Akiomba mwezi wa pili, hatumfukuzi wala hatumhubirii, tunakaa naye kuuliza shimo lilianzia wapi, na kama lipo tunalifanya mkopo.

Mkopo wenyewe hauzidi mishahara miwili ya msingi na unalipwa ndani ya miezi 10. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaweza kuuhesabu mkopo nafuu wa mwajiri kuwa faida inayotozwa kodi, ila inauacha ule wa chini ya miezi 12 ambao pamoja na mikopo mingine ya mwajiri hauzidi mishahara mitatu ya msingi.

Kiasi cha rejesho tunakipata kwa kuanzia mwisho. Watumishi wa umma wana kanuni ya kubakiwa na theluthi ya mshahara. Kwetu theluthi ni ndogo mno, tukaweka nusu. Fundi yule angekuwa anakatwa pia 100,000 za SACCOS, zingebaki 416,000. Nusu ya mshahara ni 300,000, basi rejesho lisingezidi 116,000 hata kama angeomba mwenyewe akatwe zaidi. Na wapo wanaoomba hivyo, maana deni linawanyima usingizi. Kataa.

Usikate shilingi bila saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi makato ya deni. Fomu yetu ina kiasi, rejesho, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, na nini kitafanyika akiacha kazi au akiwa likizo bila malipo. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana, na ndicho kinacholeta ugomvi siku ya kuagana. Mkopo juu ya mkopo hatutoi. Wa kwanza uishe.

Kwa wanaokwama tu kwa sababu mwezi ni mrefu, tumeruhusu kulipwa mara mbili, tarehe 15 na tarehe 30. Wengi wa kundi hilo hawajaomba advansi tena. Na rejesho la mwisho likiisha, namuuliza mtu kama anapenda kiasi kilekile kiendelee kukatwa kwenda kwenye akiba yake, kwa kuwa mwili umeshazoea. Fundi wa oveni alikubali 40,000 zake ziende SACCOS.

Kuna deni ambalo hati ya mshahara haikuonyeshi: kausha damu. Dalili yake ni mtu anayeomba mshahara wake kwa fedha taslimu, au anayeomba advansi siku moja baada ya mshahara kuingia. Dada mmoja wa kufunga mikate alikuwa hivyo. Nilimuuliza faraghani, akasema kadi yake ya benki na namba ya siri viko kwa mkopeshaji tangu Pasaka. Huyo hatukumpa pesa mkononi. Tulikwenda naye, tukalipa deni lililobaki kwa risiti, kadi ikarudi, akabadilisha namba ya siri palepale kwenye mashine, na deni likahamia kwetu kwa miezi minane.