Hati halisi mkononi mwa muuzaji, zuio kwenye daftari la Msajili

"Ndugu zangu, muuzaji amenionesha hati halisi ya nyumba, jina ni lake na haiko benki. Kuna haja gani ya kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla sijalipa?"

Haja ipo, kwa sababu kinachotawala ni daftari la Msajili wa Hati, na daftari hilo linaweza kuwa na maandishi ambayo hati aliyokuonesha haina. Kwa hapa Tanzania, rehani ya benki mara nyingi hujitambulisha mapema, maana benki hukaa na hati halisi hadi deni liishe. Zuio haliko hivyo. Kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamruhusu mtu anayedai maslahi katika ardhi iliyosajiliwa kuwasilisha zuio, na halazimiki kuwa na hati ili afanye hivyo; tangu hapo uhamisho hausajiliwi hadi zuio liondolewe au aliyeliweka aridhie.

Shemeji yangu alikuwa ananunua nyumba kwa shilingi milioni 120. Hati halisi aliiona, akaishika. Wakili wake aliomba upekuzi rasmi kwa namba ya hati, na majibu yakaonesha zuio la mke wa muuzaji. Muuzaji alisema ni mambo ya ndani, yatakwisha, alipwe nusu kwanza. Lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamtambua mwenzi kuwa na maslahi katika nyumba ya ndoa yanayoweza kulindwa kwa zuio, kwa hiyo mama yule alikuwa na msingi wa kisheria. Wakili alikataa kutoa hata shilingi kabla mama hajaitwa. Alipoitwa, ilibainika kwamba hakupinga kuuza. Alitaka sehemu yake ilipwe moja kwa moja kwake. Mkataba ukaandikwa hivyo, akasaini ridhaa, akaliondoa zuio kwa maandishi, upekuzi ukarudiwa, ndipo fedha zikatoka. Shemeji angelipa ile nusu, angebaki na mkataba usiosajilika na kesi ya kudai fedha zake.

Nakusihi usiache kurudia upekuzi karibu na siku ya malipo, kwa kuwa majibu ya mwezi uliopita hayazungumzii zuio lililowekwa jana. Ukishasaini mkataba na kulipa sehemu, wewe pia unaweza kuweka zuio lako ili nyumba isihamishiwe mwingine kabla yako.

Rehani ikionekana, biashara bado inawezekana. Pata barua ya benki inayotaja salio, kiasi hicho kilipe kwenye akaunti ya mkopo na si mkononi mwa muuzaji, na benki ikubali kwa maandishi kutoa hati pamoja na nyaraka ya kufuta rehani.

Upekuzi hauoneshi mkopo usiosajiliwa, ambapo mtu ameacha hati kwa mkopeshaji kama dhamana. Muuzaji akikupa kivuli tu na kusema hati halisi imepotea au iko kwa ndugu, simamisha malipo hadi uione.