Bendi zangu za aktini zililingana, na bado zilinidanganya

Kama unapima protini kwa westan bloti na bendi zako za aktini zimelingana kuanzia njia ya kwanza hadi ya mwisho, usifurahi kabla hujajua kama zingeweza kutofautiana. Nilifurahi mapema, na ilinichukua miezi minne kurudi nyuma.

Nilikuwa kwenye shahada ya uzamili. Nilitaka kujua kama dondoo la majani ya mwarobaini linapandisha protini iitwayo p21 katika seli za saratani ya matiti aina ya MCF-7. Nilipakia mikrogramu 20 za protini katika kila njia ya jeli, nikazihamishia kwenye utando wa nitroselulosi, nikapima p21 kwanza, kisha aktini kwenye utando uleule, ili inionyeshe kama kila njia imepata protini sawa. Uzito wa aktini ni kilodaltoni 42 na p21 ni kama 21, kwa hiyo bendi zao hazigongani.

Kwenye ImageJ, p21 ilisoma 6,000 kwa seli zisizopewa dawa na 9,000 kwa zilizopewa. Aktini ilisoma 26,500 na 28,000. Nikagawanya p21 kwa aktini kila upande, nikapata 0.226 na 0.321. Maana yake p21 imepanda kwa asilimia 42. Nikaandika aya nzima kuhusu hilo.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maabara yetu aliangalia picha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo aktini ukiipakia mara mbili, bendi nayo inakuwa mara mbili?" Sikuwa na jibu. Akanituma nikapakie sampuli moja kwa viwango vitano tofauti, na hilo ndilo jaribio ninalokuomba ulifanye kabla ya mengine yote. Chukua sampuli moja, au mchanganyiko wa sampuli zako zote, uipakie kwa kupandisha mara mbili kila hatua. Yangu ilitoka hivi:

| Mikrogramu | Aktini | p21 |
|---|---|---|
| 2.5 | 5,100 | haionekani |
| 5 | 10,200 | 1,500 |
| 10 | 19,800 | 3,000 |
| 20 | 26,500 | 6,000 |
| 40 | 29,000 | 11,700 |

Soma safu ya aktini taratibu. Kutoka 2.5 hadi 10 namba inafuata protini vizuri: ukiongeza mara mbili, nayo inaongezeka karibu mara mbili. Kutoka 10 hadi 20 inaongezeka kwa theluthi moja tu. Kutoka 20 hadi 40 haijasogea hata sehemu moja ya kumi. Bendi imeshiba. Nami nilikuwa nafanya kazi palepale kwenye 20, mahali ambapo aktini haiwezi tena kuniambia kama njia moja imepata protini nyingi kuliko nyingine. Ndiyo maana bendi zililingana.

p21 yenyewe, kwa kuwa ni haba, ilikuwa bado inapanda kwa mstari mnyoofu kwenye 20 na hata 40. Hapo ndipo penye hatari. Kipimo kimoja kinahisi kosa la upakiaji na kingine hakihisi, kwa hiyo ukigawanya, kosa halifutiki. Linabaki kwenye jibu likiwa limevaa sura ya matokeo ya kibiolojia.

Na kosa lilikuwepo. Nilipoyeyusha sampuli za seli zilizopewa dawa kutoka kwenye jokofu, sikuzichanganya kabla ya kupima kiasi cha protini. Sampuli iliyoganda ikiyeyuka, protini hukaa zaidi chini ya kijichupa, nami nilichota juu. Nikadhani ina protini kidogo, nikapakia ujazo mkubwa zaidi. Nilipoichanganya na kuipima upya niligundua kwamba badala ya mikrogramu 20 nilikuwa nimeweka kama 30. Zidisha p21 ya 6,000 kwa moja na nusu: 9,000. Ongezeko lote lilikuwa pale kwenye pipeti.

Swali nililojiuliza kwa siku nyingi ni kwa nini kamera haikunionya. Picha ya biti 16 inaishia kwenye 65,535, na pikseli zangu angavu kabisa zilikuwa kama 40,000. Hapakuwa na alama hata moja nyekundu ya kuonya. Jibu ni kwamba kushiba kuko kwa namna mbili. Kamera inaweza kushiba, na hapo unapunguza muda wa kupiga picha, mambo yanakwisha. Lakini kemia nayo inaweza kushiba: protini imerundikana kwenye utando mpaka kingamwili hazifikii yote, au kimeng'enya cha peroksidasi ni kingi mahali pamoja mpaka kinamaliza luminoli, kemikali inayotoa mwanga wa bendi, iliyo karibu. Kupunguza muda wa picha hakusaidii hapo hata kidogo, kwa sababu namba zote zinashuka pamoja na ule mkunjo unabaki vilevile. Hali ikizidi sana utaona bendi iliyofifia katikati, kama pete, au alama ya kahawia kwenye utando wenyewe. Kabla ya kufika huko, hakuna jicho litakaloona. Ni ule mfululizo wa viwango tu unaoonyesha.

Nilirudi kwenye jedwali kutafuta kiwango ambacho protini zote mbili ziko kwenye mstari mnyoofu. Kati ya 5 na 10 zote zinafaa; nikachagua 8, ili njia ikizidi kidogo aktini isiingie kwenye mkunjo. Bendi ya p21 ikawa hafifu, kwa hiyo nikaipiga picha ndefu zaidi peke yake. Hilo halina ubaya, mradi sampuli zote unazolinganisha ziko kwenye utando mmoja na picha moja. Wengine hupunguza nguvu ya kingamwili ya aktini badala ya kupunguza protini. Inaweza kufaa, ila lazima urudie mfululizo kwa nguvu hiyo mpya.

Pia nilianza kupaka utando rangi nyekundu ya Ponso mara tu baada ya kuhamisha, dakika tano hivi, nausuuza kwa maji, naupiga picha kabla ya kuufunika kwa maziwa. Napima njia nzima, siyo bendi moja. Nimekuja kuiamini kuliko aktini, kwa sababu haitegemei protini moja ambayo dawa yako yenyewe inaweza kuibadilisha. GAPDH, protini nyingine inayotumika kama aktini, hupanda seli zikikosa oksijeni, na watu bado wanaitumia kama kidhibiti kwenye majaribio hayohayo. Rangi nayo ina mwisho wake, kwa hiyo ipitishe kwenye mfululizo uleule.

Kwenye ImageJ, tumia faili ya TIFF iliyotoka kwenye kamera, usiipitishe kwenye JPEG wala usibonyeze `Apply` baada ya kurekebisha mng'ao. Ukishafungua `Plot Lanes`, chora mstari wa chini wa kila kilima kwa namna ileile. Ukiuchora chini mno, mandharinyuma inaingia kwenye hesabu, na bendi hafifu ndizo zinazoumia zaidi: mstari wako utakuwa mnyoofu lakini hautaelekea kwenye sifuri, na tofauti ya mara mbili itasomeka kama ndogo kuliko ilivyo.

Nilirudia jaribio kwa seli nilizokuza upya mara tatu, mikrogramu 8 kila njia, sampuli zimechanganywa. Uwiano wa p21 ya seli zilizopewa dawa kwa ile ya zisizopewa ulitoka 0.95, 1.04 na 1.10. Dondoo halikupandisha p21 kwa dozi ile, na ile aya niliifuta.