Kwa nini mhariri ameandika "rafiki yangu" na si "rafiki wangu"?

"Ndugu mhariri, nimepokea sura tano za kwanza na sikufurahi. Nilikupa mswada uondoe makosa, nawe umeyaongeza. Kila nilipoandika 'rafiki wangu' umeweka 'rafiki yangu', kana kwamba rafiki ni meza au nyumba. Rafiki ni mtu, na kamusi yenyewe inamweka katika ngeli ya A-WA. Tena umeacha 'rafiki wa baba' kama nilivyoandika, kwa hiyo hata wewe huna msimamo. Naomba unirudishie maneno yangu."
— Mwalimu mstaafu anayeandika kumbukumbu zake

Shikamoo Mwalimu. Maneno yako utarudishiwa ukitaka, kwa kuwa kitabu ni chako na jina litakalokaa kwenye jalada ni lako. Ila kabla hujaamua, naomba uione sababu ya sahihisho lile, maana hoja uliyoitoa naipokea karibu kila ninapohariri kumbukumbu za mtu, na imeharibu kurasa nyingi zilizokuwa safi.

Nianze na kamusi. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, mbele ya neno "rafiki" utakuta alama [a-/wa-]. Watu wengi huisoma alama hiyo kama amri kwamba kila kinachofuata neno hilo lazima kianze na w. Sivyo inavyosema. Viambishi hivyo ni vile vinavyoingia mwanzoni mwa kitenzi: rafiki anakuja, rafiki wanakuja. Majina yote ya ngeli tunayofundisha shuleni, A-WA, KI-VI, LI-YA na mengineyo, yametokana na kitenzi. Yanakuambia kitenzi kitafanya nini. Kivumishi cha kumiliki, yaani -angu, -ako, -ake na wenzake, mara nyingi hufuata njia hiyohiyo, lakini kwa kundi moja la maneno hakifuati, na rafiki yumo ndani ya kundi hilo.

Kundi lenyewe ni la majina ya watu tunaohusiana nao, yasiyo na kiambishi m- mwanzoni: baba, mama, ndugu, kaka, dada, babu, bibi, shangazi, shemeji, rafiki, jirani, adui. Kwa umbo yanafanana na majina ya ngeli ya I-ZI, kwa maana ni watu. Maana ndiyo iliyovuta kitenzi, sifa na kionyeshi kwenda A-WA, ndiyo maana tunasema "rafiki huyu mzuri amefika" na hakuna anayesema "rafiki hii nzuri imefika". Kimilikishi kilibaki kwenye umbo la neno: baba yangu, ndugu zangu, rafiki yako, jirani zetu. Hivyo kusema "rafiki yangu" hakumgeuzi mtu kuwa meza. Wakristo husali "Baba yetu uliye mbinguni", na hakuna aliyewahi kudhani kwamba sala hiyo inamshusha anayeombwa.

Wewe mwenyewe Mwalimu unaifuata kanuni hii. Katika ukurasa wa kwanza wa mswada umeandika "baba yangu alikuwa mkulima wa katani", na sura ya pili inaanza na "ndugu zangu wote walizaliwa nyumbani". Sikuyagusa hayo kwa sababu yako sawa. Kama hoja ya kwamba mtu lazima apate w ingesimama, ungelazimika kuandika "baba wangu alikuwa mkulima", na najua kalamu yako isingekubali.

Kipimo ninachowapa waandishi ni kuliunganisha jina na kimilikishi chake, kwa namna wazee wanavyozungumza. Mke wake ni mkewe, mume wake ni mumewe, mwana wake ni mwanawe; hapo w inatoka yenyewe, kwa kuwa majina hayo yana m- ya ngeli ya watu. Sasa fanya hivyo kwa ndugu yake: nduguye, na wakiwa wengi ni nduguze. Baba yake ni babaye, dada yake ni dadaye, rafiki yake ni rafikiye. Umewahi kusikia "babawe" au "nduguwe"? Umbo la mkato limehifadhi upatanisho ambao mazungumzo ya haraka ya siku hizi yameanza kuusahau.

Kuna wanaoeleza kwamba rafiki hupata y kwa sababu ni neno lililotoka Kiarabu. Maelezo hayo husambazwa sana na hayana msingi. Baba si neno la Kiarabu, na tunasema baba yangu. Daktari, dereva na waziri ni ya mkopo, na tunasema daktari wangu, dereva wangu, waziri wetu. Linaloangaliwa ni uhusiano: daktari na dereva ni majina ya kazi, hayamo katika kundi la undugu na ujirani. Mjomba ni wa ukoo, lakini ana m- yake, basi ni mjomba wangu.

Sasa hilo la "rafiki wa baba", uliloona kuwa ni kujipinga kwangu. Hapo hakuna kimilikishi. Kuna -a ya uhusiano, ile inayounganisha jina na jina, nayo katika Kiswahili sanifu hufuata A-WA kwa watu wote: rafiki wa baba, jirani wa shangazi, ndugu wa marehemu. Tunasema Baba wa Taifa, na papo hapo tunasema baba yetu. Maumbo mawili, kanuni mbili, kwa neno lilelile. Ndiyo maana mtu akishika kanuni moja tu na kuipitisha kila mahali, lazima aharibu upande mmoja.

Nina sababu nyingine ya kung'ang'ania z kwenye wingi, nayo ni msomaji wako. Tazama sentensi yako ya sura ya nne:

"Barua za rafiki wangu wa Korogwe ninazo hadi leo."

Niliposoma hapo nilimwona rafiki mmoja wa chuoni. Aya iliyofuata ikanitajia watatu. "Wangu" haibadiliki, awe mmoja au wawe wengi, na sentensi ile haina kitenzi cha kuwahesabu, kwa kuwa ninazo inazungumzia barua. Nilipoandika "Barua za rafiki zangu wa Korogwe ninazo hadi leo", wingi ulijulikana palepale. Na uone kwamba "wa Korogwe" imebaki na w yake. Kanuni zote mbili zimekaa jirani katika sentensi moja na hazikugombana. Waandishi wengine wangependa "marafiki zangu", nayo inakubalika, ila wewe katika kitabu kizima umetumia "rafiki" kwa mmoja na kwa wengi, nikaona niheshimu mazoea yako. Kwa wanyama pia z hufanya kazi hiyo: mbwa wangu ni mmoja, mbwa zangu ni wengi, na kitenzi bado ni cha A-WA, mbwa zangu wamepotea.

Kinachonikera katika jambo hili si wewe, Mwalimu, uliyeuliza kwa hoja na ukafungua kamusi. Ni zile picha zinazozungushwa kwenye simu, zenye safu mbili, moja imeandikwa "kosa" na nyingine "sahihi", bila maelezo wala mfano wa sentensi. "Rafiki yangu" huwekwa upande wa kosa, na mtu aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni huanza kuona aibu kwa lugha ya mama yake. Anayetengeneza picha hizo amejua kwamba kuna A-WA, akaishia hapo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kukisanifisha mwaka 1930. BAKITA ipo kisheria tangu 1967. Mwenye shaka ana mahali pa kuuliza. Hana haja ya kuhukumiwa na picha isiyo na mwenyewe.

Hatari zaidi ni njia ya mkato inayofuata baada ya picha hizo. Mwandishi mmoja alimpa kijana faili lake "anyooshe Kiswahili". Kijana akaiambia kompyuta itafute kila "yangu" na kuweka "wangu". Mswada ulinifikia ukiwa na "nyumba wangu", "kazi wangu" na "macho wangu". Kuurudisha nyuma kwa mkupuo hakukuwezekana, kwa sababu ndani yake mlikuwa pia na "wangu" nyingi zilizokuwa sahihi tangu mwanzo, za mtoto wangu na mke wangu. Ilibidi kusoma sentensi kwa sentensi, na mwandishi akalipia kazi ambayo mswada wake wa kwanza haukuihitaji.

Basi, kuhusu kulirudisha chaguo lako. "Rafiki wangu" inasemwa, hasa bara, na mamilioni wanaelewana kwa hiyo. Ukiniambia kwamba ndivyo mlivyozungumza chuoni na unataka kitabu kisikike hivyo, hiyo ni sababu ninayoiheshimu kuliko hoja ya ngeli, na sitabishana nayo. Tayari nimeacha "rafiki wangu" popote ilipo ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa maneno ya mtu aliyenukuliwa siyagusi.

Ukichagua kulirudisha katika masimulizi pia, nitaomba mambo mawili. La kwanza, liwe hivyo mwanzo hadi mwisho: rafiki wangu, rafiki wake, rafiki wetu, pamoja na kichwa cha sura ya tatu na mstari wake kwenye yaliyomo. Msomaji akikuta "rafiki wangu" ukurasa mmoja na "rafiki yangu" unaofuata, atadhani hakuna aliyekihariri kitabu. La pili, wakiwa wengi tuandike "marafiki wangu", ma- ibebe wingi ambao "wangu" hauwezi kuuonyesha, ili wale watatu wa Korogwe wasigeuke mmoja. Baba yangu na ndugu zangu nashauri tuwaache walivyo. Ulivyowaandika ndivyo wasomaji wako wanavyowaita wao.

Uamuzi wowote utakaoutoa nitauandika kwenye karatasi ya maamuzi inayofuatana na mswada, ili msomaji prufu asije akabadilisha tena kwa nia njema. Nijulishe kabla sura hizi tano hazijaenda kwa mpangaji kurasa, kwa sababu baada ya hapo badiliko la neno moja linaweza kusogeza mistari ya aya nzima. Faili nililokutumia usilibadilishe mwenyewe wala usimpe mtu alibadilishe. Andika tu "yangu" au "wangu" kwenye ujumbe, mengine nitayafanya kwa mkono, moja baada ya jingine.