Alinipita Mara Mbili Bila Kunitambua

*Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Umoja. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikizungumza na mwanamume tuliyepatana kwenye apu ya wachumba, na Jumamosi tulikubaliana kukutana kwenye lango la Bustani ya Jeevanjee, upande wa Moi Avenue. Alinipita mara mbili akiwa ameshika simu. Nilipomwita aliduwaa, tukaenda kunywa chai, na kabla ya nusu saa kwisha akasema amepigiwa simu ya dharura nyumbani. Tangu hapo hajibu jumbe zangu. Picha yangu nilikuwa nimeirekebisha kidogo tu kama wafanyavyo wengine, kwa sababu simu yangu hunitoa na pua kubwa na uso mweusi kuliko nilivyo. Je, si kweli kwamba huyu anajali sura tu? Nimekutumia picha niliyoiweka pale, pamoja na nyingine niliyopigwa na dada yangu sebuleni wiki hiyo hiyo.*

*Niliyeachwa na Chai, Umoja*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa fedheha uliyoipata, maana si jambo dogo kuachwa mezani mbele ya watu. Hata hivyo nimeziweka picha zako mbili kando kwa kando na kuzitazama kwa muda mrefu, na katika shauri hili mimi niko upande wa huyo mwanamume. Mtu aliyekupita mara mbili hakuwa akikukataa, bali alikuwa akimtafuta mwanamke aliyeonyeshwa kwenye simu yake, na mwanamke huyo hakufika. Huenda ile simu ya dharura haikuwapo, na hapo alikosa ujasiri wa kukwambia ukweli, lakini uongo wake ulitanguliwa na wako.

Hilo neno "kidogo" silikubali. Katika picha uliyoiweka, nyuma ya bega lako kuna dirisha lenye vyuma, na vyuma hivyo vimenyooka hadi vinapokaribia taya lako, kisha vinapinda kuelekea ndani. Fundi aliyevichomelea hakuvipinda. Ni wewe uliyeusukuma uso uwe mwembamba, na kilichokuwa nyuma yake kikasukumwa pamoja nao. Kidoti kilicho chini ya jicho lako la kushoto, ambacho katika picha ya dada yako kinaonekana waziwazi, hakipo. Uso una rangi moja, shingo ina nyingine, na mkono ulioshika mkoba una ile ile ya shingo. Kwa hiyo ulipunguza uso, ukaifuta ngozi, kisha ukaing'arisha, na hayo ndiyo mambo matatu ambayo macho ya mgeni huyategemea anapomtafuta mtu katikati ya umati wa Jumamosi.

Ninakubaliana nawe juu ya jambo moja tu, kwamba simu yako ilikuonea. Picha ya kujipiga huchukuliwa kwa urefu wa mkono au karibu zaidi, na kwa umbali huo pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, hivyo hutoka kubwa huku masikio yakirudi nyuma. Watafiti wa Marekani waliolipima jambo hili mwaka 2018 walikadiria kwamba picha iliyopigwa kutoka sentimita 30 huionyesha pua ikiwa pana kwa takribani asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Basi ulipoichukua zana ya kupunguza pua ulikuwa unatibu kosa la umbali kwa kulikata umbo lako, na kwa kuwa hakuna alama inayokuonyesha pua yako halisi inapoishia, ulipitiliza. Dada yako, aliyesimama upande wa pili wa sebule, amekutoa na pua yako mwenyewe bila kugusa chochote, nayo ni pua nzuri. Iegemeze simu kwenye rafu, tumia kamera ya nyuma, weka saa ya kuhesabu sekunde 10, usogee nyuma hatua mbili, kisha uyakate mazingira yaliyozidi. Kukata mazingira hakumdanganyi mtu.

Suala la rangi linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo marekebisho ya haki na ya uongo yanafanana sana. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, na wewe ulisimama dirisha likiwa nyuma yako, hivyo ikapunguza mwanga ili kuliokoa dirisha na kukuacha gizani. Geuka ulitazame dirisha, gusa uso wako kwenye kioo cha simu, na uso utapata mwanga wake. Ikiwa picha imekwisha kupigwa, ongeza mwanga wa picha nzima, ili ukuta, blauzi, shingo na uso vipate mwanga kwa pamoja. Filta ya kung'arisha hufanya kinyume: huichagua ngozi ya uso peke yake na kuviacha vingine vilivyo, ndiyo maana shingo yako inakushtaki.

Picha ya dada yako nayo ina kasoro, na hiyo ninakuruhusu uirekebishe. Balbu ya sebuleni ni ya manjano, na vitambaa vya makochi, ambavyo bila shaka ni vyeupe, vimetoka na rangi ya chungwa. Punguza ujoto wa rangi polepole huku ukivitazama vitambaa na si uso wako, uache pale vinapokuwa vyeupe. Ngozi yako itafika mahali pake yenyewe. Kisha nenda nje mchana, uushike mkono wako kando ya simu, na ikiwa mkono huo ni mweusi kuliko ule ulio pichani, umezidisha mwanga.

Chunusi uliyonayo kwenye kidevu unaweza kuifuta, kwa kuwa katika wiki mbili haitakuwapo. Kidoti kirudishe, kwa kuwa utakuwa nacho hata siku ya harusi. Mistari ya kando ya macho iache pia, kwani ni ya mwanamke wa miaka 34, na umri huo umeuandika mwenyewe kwenye maelezo yako. Kagua vilevile mpangilio wa kamera yenyewe, maana simu nyingi huja na "Beauty" ikiwa imekwisha kuwashwa, nayo huilainisha ngozi kabla hujahariri lolote. Irudishe hadi sufuri. Nywele ni zako kuzisuka upendavyo, ila ukibadilisha mtindo kabisa kabla ya kukutana na mtu, mtumie picha ya siku hiyo.

Vijana wa siku hizi hupatana kwa picha kabla ya kusikia hata sauti, na zamani mshenga ndiye aliyebeba sifa za binti hadi kwa watu wa upande wa pili. Akizidisha, aibu ilikuwa yake. Leo mshenga wako ni picha, na maneno yake unamtungia wewe mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, nayo yako ilifika Moi Avenue ikaishia hapo.

Kuhusu huyo bwana, mwandikie ujumbe mmoja tu. Mwambie kwamba picha ile ulikuwa umeibadilisha kupita kiasi, kwamba unamwomba radhi kwa kumfanya akutafute bila kukuona, na uiambatishe ile ya dada yako baada ya kuisawazisha rangi. Usiitaje ile simu ya dharura wala usimuulize alikuwa wapi. Picha ya zamani iondoe leo, kabla ya kutuma ujumbe huo, kwa sababu jambo la kwanza atakalofanya akiusoma ni kufungua maelezo yako kuona kama bado ipo.